Mswaki na Kalenda

(Chumba na sebule cha kupanga, Mbagala, Dar es Salaam. Mswaki wa dada yumo kwenye kikombe dirishani. Kalenda ananing'inia msumarini. Kijana mwenye chumba katoka, dada kesharudi kwake Tabata.)

MSWAKI: Shikamoo, Mzee Kalenda. Ulimsikia kijana jana? Kasema, "Siku moja tutakuwa na kwetu." Hiyo si posa hiyo?

KALENDA: Marahaba, mwanangu. Siku gani?

MSWAKI: Siku moja.

KALENDA: Ninazo siku 365, na kila moja ina jina. Hiyo ya kwako sinayo.

MSWAKI: Wanaume hawasemi wazi, mzee, wanadokeza. Juzi katamka kabisa, "Watoto wetu watapenda bahari."

KALENDA: Alikuwa anatazama picha za Zanzibar kwenye simu. Angekuwa anatazama mbuga, wangependa twiga. Hebu soma kifuani pangu. Tarehe 5, kodi. Tarehe 12, zamu yake ya mchezo wa kazini. Tarehe 19, Simba na Yanga, na hiyo kaizungushia kalamu nyekundu mara mbili. Kiwanja chake cha Chanika anajua kabakiza kulipa shilingi ngapi na atamaliza mwezi gani. Katika hayo yote sijamsikia akisema "tutaona".

MSWAKI: Labda taratibu za kuoa hazijui.

KALENDA: Huyu? Alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya rafiki yake! Alisimama papa hapa akiwapigia watu simu za michango mpaka salio likamwishia. Mshenga alimtafuta yeye. Leso nyeupe ya kufungia barua ya posa alinunua yeye, na noti za kuweka ndani yake akazibadilisha ziwe mpya. Siku ya mahari alikuwa anampigia mjomba wa bwana harusi kila baada ya dakika kumi. Sasa asichokijua ni kipi?

MSWAKI: Basi hana hela.

KALENDA: Asiye na hela husema hana hela. Huuliza, "Kwenu mahari huwa kiasi gani? Nivumilieni mpaka mwezi wa kumi." Tena kwenda kujitambulisha hakungoji mahari. Nauli ya basi mpaka Tanga kwao dada na doti moja ya kanga kwa ajili ya mama, mtu kafika. Doti ya kanga ni rahisi kuliko jezi aliyoivaa leo.

MSWAKI: Lakini nilisikia redioni kuna sheria. Watu wakikaa pamoja miaka miwili wanahesabiwa mume na mke. Na mimi nimo humu miaka miwili!

KALENDA: Mswaki wa miaka miwili? Mungu aninusuru.

MSWAKI: Mimi pamoja na walionitangulia.

KALENDA: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160. Inawahusu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi mpaka watu wakawatambua kuwa mke na mume. Na hata hapo ni dhana tu, mahakamani inaweza kupanguliwa. Dada analipa kodi Tabata, hapa anakuja Jumamosi. Anayeishi hapa ni wewe. Kafungue kesi wewe.

MSWAKI: Unanikejeli, mzee.

KALENDA: Sheria hiyo hiyo inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla. Hizo kwangu ni safu tatu za visanduku. Zikianza kuhesabiwa, mimi nitajua kabla yako.

MSWAKI: Mbona dada mwenyewe hana wasiwasi? Alimuuliza, "Mwezi ujao naenda nyumbani, baba akiniuliza nimjibu nini?" Akajibiwa, "Mwambie mambo yanakwenda." Dada akacheka, akaenda kupika.

KALENDA: Yanakwenda wapi? Hapo ndipo alipomwachia. Alipewa jibu lisilo na mtu wala tarehe, akalijaza mwenyewe njiani kuelekea jikoni. Swali lilikuwa bado halijajibiwa: nani atakwenda kwa wazee, na mwezi wa ngapi? Kijana mwenye nia atataja hata mjomba asiyepatana naye. Akikosa jina la mtu na akakosa mwezi, hajadokeza kitu. Kaaga vizuri tu.

(Jumamosi. Dada kaingia, kaweka mkoba, hajakaa.)

DADA: Nimekuja na swali moja. Kwetu anakwenda nani, na lini?

(Kijana anakohoa. Anatafuta rimoti iliyo mkononi mwake.)

KIJANA: Mpenzi, tusikimbizane bwana. Mwezi huu umebana.

MSWAKI: Umesikia, mzee? Katamka mwezi! Katamka mwezi!

KALENDA: Nimesikia. Tangu nitundikwe hapa, ndio mwezi pekee aliowahi kumtajia, na kautaja ili amwambie haumo.