Kredo ya Hamsini

Jana usiku uliambiwa "lala salama, mpenzi", na leo chai haijapoa unaombwa kredo ya 50. Kinachochoma si ile hamsini. Ni kujua kwamba mtu mliyefahamiana naye mtandaoni juzijuzi, mwenye picha ya kupendeza kando ya Ziwa Nakuru lililojaa flamingo (ambao wengi wao walishahamia Bogoria), amekaa, akakukadiria, na bei uliyopata haitoshi sahani ya chipsi Kenyatta Avenue. Hasira ya hapo inaeleweka, lakini haisaidii, kwa sababu mwombaji huenda ni mwongo na huenda ni mtu mwema aliyeishiwa. Jibu la busara ni lile linalowatenganisha wawili hao bila kumtukana yeyote.

Na jibu hilo limo ndani ya simu yenyewe. Kredo huombwa "ili tuongee vizuri", lakini Kenya anayelipia mazungumzo ni anayepiga. Anayepokea hatozwi hata senti. Kwa hiyo mtu asiye na kredo anaweza kuongea nawe mpaka koo likauke, mradi umpigie wewe. Kuna wa kubisha kwamba bando na kredo ni vitu viwili, na kweli mtu anaweza kuwa na bando la kuandika ujumbe usiku kucha akakosa shilingi ya kupiga. Sawa, basi bando hilohilo mara nyingi linabeba simu ya WhatsApp, hata ya video. Kuna pia Okoa Jahazi, inayomkopesha mteja wa Safaricom kredo kwa ada ya asilimia kumi, ingawa hiyo si hoja ya kumtupia mtu, maana huenda alikwisha okoa jahazi hilo na bado anadaiwa. Mwandikie tu: "Usijali, nakupigia sasa hivi." Aliyetaka kuongea atapokea. Aliyetaka kredo ataanza kuwa na maikrofoni mbovu, mgeni sebuleni, na mama mkali, vyote asubuhi moja.

Swali la kufurahisha zaidi ni kwa nini huombwa kredo badala ya pesa taslimu. Ukimsambazia mtu kredo, unachokiona ni nambari na kiasi tu. Ukimtumia kwa M-Pesa, kabla pesa haijaondoka unaonyeshwa jina la mwenye laini na kupewa nafasi ya kughairi. Hapo ndipo "Shiru wa Section 58" anaweza kugeuka Barasa. Jina si ushahidi kamili, kwani wengi hutumia laini iliyosajiliwa na dada au mjomba. Lakini mwenye laini ya dada yake hueleza hivyo bila kutokwa jasho. Kwa hiyo ukiwa na moyo wa kutoa, toa kwa M-Pesa. Kiasi kisichozidi 100 hakina ada ya kutuma. Kihesabu ni zawadi, si mkopo, na usikirudie. Mwongo hutumia hamsini ya kwanza kupima kina cha maji. Ya pili huja ikiwa 200, kisha mgonjwa anapatikana katika familia.

Baada ya mgonjwa huja nauli. Tuseme anakaa Njoro, kilomita ishirini hivi kutoka Nakuru mjini, na anataka 500 ili mwonane Jumamosi. Nauli ya Njoro haikaribii hapo, na Wakenya wameliwa nauli kiasi cha kulifanya jambo hilo utani wa taifa. Mwambie apande matatu, na ikifika steji utamtumia makanga nauli kwenye simu. Makanga hajali nani analipa. Anayekuja kweli hapotezi chochote.

Watasema huu ni ubahili uliovishwa suti, kwamba penzi halianzi kwa upelelezi. Ningekubali, kama hasara ingekuwa ya anayetapeliwa peke yake. Lakini fikiria mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha, tarehe 27, mshahara bado, ambaye kweli amebaki na shilingi tatu na kweli amekupenda. Matapeli wamemwibia hata uwezo wa kusema hivyo. Nao hawaguswi: nani atapiga foleni kituoni, aandikishe kwenye daftari la matukio kwamba ameibiwa hamsini na mpenzi ambaye hamjui sura, huku askari akiwaita wenzake waje wasikie? Udogo wa kiasi ndio kinga yao, na wanaujua. Ndiyo maana wao hawaombi elfu kumi siku ya kwanza, na ndiyo maana yule wa Naivasha, akiwa na akili, haombi chochote. Anatuma ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", kisha anangoja.