Midomo ya Shangazi Yamtangulia Shangazi

Katika ukoo wetu, mwenye laptopu ndiye fundi wa video. Hakuna aliyewahi kuuliza kama nimesomea. Kwa hiyo sendofu ya binti wa dada yangu ilipokwisha, mpwa wangu aliyekuwa ameshika simu ukumbini aliniletea dakika 20 za hotuba na keki, akaniambia, "Mjomba, we editi tu kidogo, watoe wale wanaopitapita mbele." Kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha.

Kwenye simu video ilikuwa safi kabisa. Nikaiingiza kwenye programu ya kuhariri, nayo ikaenda vizuri mpaka pale mshereheshaji alipoagiza taa zipunguzwe ili mishumaa ionekane. Kuanzia hapo shangazi yetu mkubwa anafumbua mdomo, anaufumba, anakaa, halafu ndipo sauti yake inaanza kumuusia bibi harusi. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zina nafuu, maana kule angalau mwenye mdomo na mwenye sauti wanasubiriana. Kufikia mwisho hali ilikuwa mbaya zaidi: keki imeshakatwa, watu wameshalishana, baba mzazi anajifuta krimu kwenye ndevu, na mshereheshaji ndiyo kwanza anahesabu, "Mojaaa! Mbiliii!"

Kundi la familia la WhatsApp likatoa hukumu kabla ya utetezi: laptopu ya mjomba imechoka. Dada yangu peke yake ndiye aliyeuliza la maana. "Kaka, mbona kwenye simu haikuwa hivyo?"

Jibu liko gizani. Simu ikiambiwa irekodi fremu 30 kwa sekunde, kila fremu inapata muda usiozidi sehemu moja ya thelathini ya sekunde kukusanya mwanga. Ukumbi ukiwa na taa, muda huo unatosha na kubaki. Taa zikipunguzwa hautoshi, na simu, kwa kutaka picha isiwe nyeusi, inaiachia kila fremu muda mrefu zaidi. Huwezi kuirefusha kila fremu na bado zikaingia 30 katika sekunde ileile, kwa hiyo zinashuka, mara nyingi hadi 24. Simu haikutangazii. Inapunguza kimyakimya, na taa zikiwaka inarudi 30 kana kwamba hakuna kilichotokea. Simu iliyopata joto sana nayo huweza kufanya vivyo hivyo.

Simu haidanganywi na mchezo wake yenyewe, kwa sababu ndani ya faili kila fremu imegongwa muhuri wa wakati wake. Kichezeshi kinasoma muhuri na kuionyesha fremu saa yake ikifika. Programu ya kuhariri ina tabia nyingine. Yenyewe hupanga kazi kwenye mstari wenye vyumba vinavyolingana, 30 kwa kila sekunde, na ile niliyokuwa nayo mimi haikujali mihuri: ilizichukua fremu kwa foleni na kujaza vyumba.

Sasa piga hesabu. Dakika 20 kwa fremu 30 ni fremu 36,000. Taa zilipunguzwa kwa dakika 5, na kila sekunde ya dakika hizo ilipungukiwa fremu 6, yaani fremu 1,800 hazikuwahi kupigwa. Zikabaki 34,200, ambazo zikipangwa 30 kwa sekunde zinajaza dakika 19 tu. Sauti haina habari na giza; yenyewe ilirekodiwa sampuli 48,000 kila sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, na ikatimiza dakika zake 20. Kwa hiyo tangu taa zilipofifia, kila sekunde 5 picha iliitangulia sauti kwa sekunde 1, na zilipowaka pengo lilikuwa limefika dakika nzima. Ndiyo maana keki ililiwa kabla haijahesabiwa.

Programu nyingine zina adabu zaidi na huheshimu mihuri. Hapo sauti inakaa mahali pake, lakini vyumba vinabaki 30 na fremu ni 24, hivyo katika kila fremu nne, moja inaonyeshwa mara mbili. Jicho halihesabu, ila linaona: mtu anayepita na sinia anaenda, anasita, anaenda, anasita. Hiyo ndiyo ile "inakatakata" ambayo kila mtu huisingizia laptopu.

Ushahidi niliupata kwa MediaInfo, programu ya bure inayosoma faili na kutoa wasifu wake:

```
Frame rate mode    : Variable
Frame rate         : 28.500 FPS
Minimum frame rate : 23.810 FPS
Maximum frame rate : 30.303 FPS
```

Neno `Variable` peke yake lisikutie presha, kwa kuwa video nyingi za simu hulibeba hata zikiwa nzima. Tazama wastani. Ukiwa karibu sana na 30, kuyumba ni kudogo na hutakuona. Ukiwa 28.5, kuna mahali simu ilisinzia kwa muda mrefu.

Dawa ya faili lililokwisha kurekodiwa ni kulibadilisha kabla ya kuligusa kwenye programu ya kuhariri. Kwenye HandBrake, sehemu ya `Video`, chagua 30 kisha `Constant Framerate`, badala ya `Peak Framerate`. Anayependa kuandika amri anaweza kutumia hii:

```
ffmpeg -i sendofu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a copy sendofu-30.mp4
```

Shangazi akarudiana na sauti yake. Lakini mbeba sinia aliendelea kusita, kwa sababu amri hiyo inaziba mapengo kwa kurudia fremu zilizopo. Zile 1,800 hazipo popote, na dada yangu hakunielewa nilipomwambia kwamba mwanawe hakuzirekodi.

Kwa hiyo harusi yenyewe ilipokaribia nilimkalisha mpwa chini na simu yake. Kama ni aifoni, unaingia `Settings`, `Camera`, `Record Video`, kisha unazima `Auto FPS`. Simu kadhaa za Android zina hali ya `Pro Video`, na isipokuwepo, programu ya bure ya Blackmagic Camera inaweza kufanya kazi hiyo. Humo weka fremu 25 na funga shata kwenye 1/50. Nachagua 25 kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inameza mipwito miwili kamili kila fremu, na picha haipepesi. Mradi wa kuhariri nao uuweke 25. Shata ikifungwa, simu haina tena njia ya kurefusha fremu, na kasi inatulia.

Mpwa akajaribu sebuleni usiku. "Mjomba, mbona giza?"

Giza lazima liwepo. Mwanga ambao simu ilikuwa inauiba kwenye muda sasa inabidi utoke kwingine. Unaweza kupandisha ISO ukubali chengachenga, au ulete taa. Nikaamua kumwendea mshereheshaji mapema, kwa heshima zote, nimwombe wakati wa keki aache taa mbili ziwake upande wa meza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mishumaa nimenunua mimi.

Tulikubaliana taa moja, na soda yake.