Karibu Kazini, Mlinzi Hana Habari

Huku kwetu Manyovu watu hawasalimiani kwa haraka. Muha akikutana na mwenzake njiani anainama kidogo, anapiga makofi ya taratibu, anauliza habari za mzee, za mama, za watoto, za mashamba, na wewe mwenye haraka subiri. Sasa nisikilizeni namna shirika letu linavyomkaribisha mtumishi mpya kwa imeili.

Mwaka 2025 tulipata mtunza stoo. Imeili ya kumtambulisha iliandikwa makao makuu, na aliyeiandika bila shaka alichukua ya mtu aliyetangulia, akafuta jina, akabandika jingine. Inaanza: "Ungana nami kumkaribisha mwanatimu wetu mpya." Sawa, tumeungana. Zikafuata aya tatu za vyeti vyake, vyuo alivyopitia, na habari kwamba ni mchapakazi mwenye shauku, anayependa kusoma na kusafiri. Kusafiri alikuja kusafirishwa mpaka akaomba poo, kwa sababu mstari wa kituo cha kazi ulisomeka "Manyovu, Kibondo", na barua yake ya kuitwa kazini ilikuwa na mstari huohuo.

Kwa msiojua: Manyovu iko Buhigwe, wilaya iliyokatwa kutoka Kasulu mwaka 2012, pembeni kabisa mwa nchi, na ng'ambo ya mpaka ni Mugina ya Burundi. Kibondo ni wilaya nyingine, kaskazini huko, ukishaipita Kasulu. Dada wa watu alitoka Mwanza kwa basi, akapita Nyakanazi, akapita Kakonko, akateremka Kibondo kama alivyoandikiwa. Wenzetu wa Kibondo wakamtazama kama mzigo usio na hati. Hawakuomba mtunza stoo, wana wao.

Alifika Jumapili ili Jumatatu aanze, maana tarehe ya kuanza ilikuwa Jumatatu, 7 Julai. Nadhani msomaji umeshashtuka. Saba Saba! Aliyepanga aliona Jumatatu ya kwanza ya mwezi, akafurahi, hakuangalia kalenda ya ukutani. Nchi nzima imepumzika, ofisi ina kufuli, mtumishi mpya yuko gesti ya Kibondo anakula chipsi kwa hela yake.

Na tarehe hii si pambo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi, pamoja na mambo mengine, tarehe ya kuanza kazi, mahali pa kazi na maelezo ya kazi yenyewe. Hayo ndiyo aliyeandika imeili alipaswa kuyanakili kutoka kwenye mkataba, neno kwa neno, kabla hajafika kwenye shauku. Kwa mtunza stoo kuna jambo zito zaidi: lazima yafanyike makabidhiano. Anayeondoka na anayeingia wanaingia stoo pamoja, wanahesabu mablanketi, madumu na sabuni, wanalinganisha walichohesabu na salio la leja na kadi za stoo, kisha wanasaini mbele ya shahidi. Kilichopungua kinaandikwa hapohapo. Mwenzetu aliyekuwa anaondoka siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa, tarehe 4. Aliacha funguo kwenye droo ya mhasibu, akaenda zake. Kwa hiyo mgeni alirithi leja inayosema kuna mablanketi, na stoo ambayo hakuna aliyeihesabu naye. Siku yakionekana pungufu, ataulizwa nani?

Jumatano asubuhi akafika Manyovu kupitia Kasulu. Mlinzi wetu ni mzee mmoja makini sana. "Mwakeye, binti. Unamtaka nani?" Akajibu kwamba yeye ni mtunza stoo mpya. Mzee akasema mtunza stoo mpya hamjui, na wa zamani ameondoka, na mtu anayetaka kuingia stoo wakati haina mwenyewe ndiye hasa aliyewekwa pale kumzuia. Akamkalisha kwenye benchi, kwenye ule ubaridi wa Julai wa huku milimani, akampa chai ya kwake. Sina la kumlaumu.

Imeili yenyewe iliingia Alhamisi.

Iliingia kwetu wenye kompyuta. Mlinzi hana imeili. Dereva aliyetakiwa kumfuata stendi hana. Mama anayetupikia mchana, aliyetakiwa kuongeza sahani, hana. Waliokuwa nayo ni mkurugenzi, wahasibu na watu wa miradi walioko Dar es Salaam ambao hawataonana na huyu dada mpaka mkutano wa mwaka. Naye mwenyewe hakuipata: walimwandikia kwenye anwani ya kazi ambayo mtu wa mitambo alikuwa bado hajaifungua, ikarudi na maneno `Address not found`. Picha iliyoambatanishwa ilikuwa nzito kiasi kwamba kwa mtandao wetu ilifunguka paji la uso, ikagoma kwenye nyusi.

Wakaongeza na namba yake ya simu, mwaka aliozaliwa, na kwamba ni mama wa watoto wawili. Ya nini? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria, watoto wake hawahesabiwi stoo.

Kisha mafuriko. "Karibu sana." "Karibu kwenye familia." "Hongera." Wote wamebonyeza Jibu Wote. Katikati yake mhasibu mmoja wa Kibondo akauliza, mbele ya shirika zima, posho yake ya safari ya Mei imefia wapi. Hiyo ndiyo imeili pekee iliyokuwa na jambo ndani yake.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni mstari wa mwisho: "Tafadhali mpeni ushirikiano." Ushirikiano gani? Ukiwaambia watu wote washirikiane bila kumtaja mmoja, kila mtu anasubiri mwenzake. Jioni ile hakuna aliyemtafutia chumba. Ni mama mpishi, ambaye hakuandikiwa chochote, aliyempeleka kwa jirani yake mwenye nyumba ya kupangisha.

Nimewaandikia makao makuu mfano. Sijajibiwa, kwa hiyo nauweka hapa:

"Kichwa: Mtunza stoo mpya Manyovu, anaanza Jumanne 8 Julai.
Bi. Fulani anaanza kazi Manyovu, wilaya ya Buhigwe, Jumanne 8 Julai, saa 2 asubuhi. Atapokea, atatunza na kutoa vifaa, na atawajibika kwa msimamizi wa kituo. Maombi ya vifaa yaende kwake kuanzia Alhamisi tarehe 10; kabla ya hapo yaende kwa msimamizi.
Anayeondoka: baki hadi Jumatano mkabidhiane. Dereva: mpokee stendi Jumapili jioni. Mhasibu: mpe funguo mbele ya shahidi. Mtu wa mitambo: fungua anwani yake kabla ya Ijumaa tarehe 4. Msimamizi: mwambie mlinzi na mpishi kwa mdomo, na ubandike nakala getini.
Ukitaka kumkaribisha, mwandikie yeye peke yake."

Itumwe wiki moja kabla, na anwani zote ziwekwe kwenye nakala fiche, ili hata mwenye kidole chepesi akibonyeza Jibu Wote jibu lake lisitufikie sisi wengine.

Picha si lazima. Na wewe mhasibu wa Kibondo, kama unasoma: posho ya Mei nami sijalipwa.