Kila Mtu na Jua Lake

Kuna kazi ambazo mpiga picha wa Kolwezi hazikimbii kwa sababu zinalipwa kwa dola, lakini anazilipia kwa moyo. Mojawapo ni picha ya kikosi cha usalama wa kazi. Kampuni fulani ndogo, inayofanya vibarua kwenye migodi, inakuita katikati ya Oktoba. Shefu anakupa nafasi saa ya chakula, maana saa nyingine watu wako kazini. Oktoba, ndugu zangu, jua la Lualaba linapita karibu sawasawa juu ya utosi. Kila aliyevaa helmeti anakuwa na kivuli cheusi kuanzia kwenye paji la uso hadi kwenye mdomo. Unamwomba avue, anakujibu kwamba hii ni picha ya usalama, Papa Foto, helmeti haivuliwi.

Sawa. Walikuwa tisa. Watano mbele, juani, kwenye udongo ule wetu mwekundu. Wanne nyuma, chini ya baraza ya ofisi, kivulini. Wote na jileti za rangi ya chungwa. Nikapima mwanga kwa ajili ya walioko juani, kwa hiyo wa nyuma wakatoka kama mahabusu.

Zamani ningechukua brashi na kuwapaka mmoja mmoja hadi umeme ukatike. Tangu Oktoba 2022 Lightroom Classic inajua kutafuta watu yenyewe. Unabonyeza Shift+W, unachagua People, unasubiri kompyuta ipumue, kisha inakuletea safu ya viduara vyenye nyuso: Person 1, Person 2, na kuendelea. Mimi nilisomeshwa kwa Kifaransa, nyumbani naongea Kiswahili, na sasa naajiriwa na Person 4.

Basi nikahesabu viduara: tisa. Watu: tisa. Mtu mwenye haraka angeshukuru Mungu na kuendelea. Mimi nina tabia mbaya ya kutoamini hesabu inayokubali upesi, nikasogelea. Mmoja wa wale tisa alikuwa bwana wa kwenye bango la ukutani, yule anayetabasamu akionyesha glavu. Na dereva, aliyesimama nyuma kabisa na nusu ya uso imezibwa na helmeti ya mwenzake, hakupata kiduara. Kompyuta ilimpa mfanyakazi wa karatasi, ikamnyima mtu mwenye watoto. Kwa hiyo tazama nyuso zenyewe, usiridhike na idadi. Yule aliyeachwa unamchukua kwa Objects: unampaka ovyo juu ya mwili wake, nayo inatafuta kingo zake.

Baada ya hapo zipe maski majina ya watu. Bonyeza jina mara mbili uandike “nyuma kushoto” au “shefu”. Ukiacha namba, baada ya dakika chache utakuwa unamwangazia mhasibu ukidhani ni fundi wa umeme.

Kisha kagua mipaka. Ukibonyeza O, sehemu iliyoshikwa inapakwa wekundu. Wekundu! Juu ya jileti za chungwa, juu ya udongo wa Kolwezi! Aliyechagua rangi hiyo hajawahi kufika kwetu. Bonyeza kile kisanduku cha rangi kwenye paneli ya Masks uweke kijani, ndipo utaona kwamba mkono wa fundi uliotupwa begani kwa mwenzake umehesabiwa kuwa mali ya mwenzake. Ukimwongezea mwenzake mwanga, anapata mkono wa tatu unaong'aa. Dawa yake ni Subtract, kisha Brush, na kuufuta mkono huo taratibu.

Sasa mwanga wenyewe. Wale wanne wa nyuma niliwachukua kwa Entire Person, mtu mzima pamoja na nguo zake, nikapandisha Exposure hadi +0.80. Nyuso zikafunguka vizuri. Lakini ukuta nyuma yao ukabaki gizani, na ghafla wakaonekana wamekatwa kwa makasi na kubandikwa pale. Jua halichagui mtu likaacha ukuta. Nikaweka Linear Gradient juu ya baraza yote, +0.40, nikawapunguza wale wanne hadi +0.45. Ndani ya ile sehemu mwanga wa aina mbili unajumlishana, kwa hiyo watu walikaa karibu pale pale nilipowataka, na ukuta ukawafuata nusu ya njia. Hapo wakarudi kusimama kwenye jengo lao.

Wa mbele walikuwa na shida nyingine: juani wote, uso tu kwenye kivuli cha helmeti. Hapo Entire Person ingeunguza jileti. Nikachagua Face Skin pamoja na Body Skin, kwa sababu ukishika uso peke yake shingo inabaki nyeusi na mtu anaonekana amekopa kichwa. Halafu nikagusa Shadows zaidi kuliko Exposure, maana Exposure ingeinua pia sehemu za shingo na mikono ambazo jua lilikuwa limezipiga tayari.

Chini ya kidevu kila mmoja alikuwa amepata rangi ya chungwa. Jileti inarudisha rangi yake juu, na udongo mwekundu unasaidia. Nilinakili maski ya ngozi, nikaikutanisha na gradient ya kutoka chini kwa Intersect, ili ibaki sehemu ya chini ya uso tu, nikashusha Saturation kidogo na kusogeza Temp upande wa bluu. Kidogo! Ukizidisha, wazima watafanana na maiti, na kikosi cha usalama hakipendi mzaha huo.

Nilidhani nimemaliza. Ndipo nikatuma picha, na kila mmoja akagundua kwamba sasa anaweza kurekebishwa peke yake.

“Papa Foto, mbona shefu ameng'aa kuliko mimi?”

“Shefu ana helmeti nyeupe, bwana.”

“Basi nami unipandishe.”

Mwingine akasema mke wake hatamtambua. Mama wa ofisi akaniomba nimpunguzie weusi, akasema ni kompyuta tu, haina madhara kama zile sabuni. Nikamjibu kwa heshima yote: Mama, mimi nauza mwanga, rangi yako ulikuja nayo. Akanuna. Shefu, kwa upande wake, alitaka aonekane kwanza kabla ya wengine wote. Nilimwonyesha kwamba tayari yuko katikati.

Tatizo la zana hii ni hilo. Ukimsikiliza kila mtu, unapata watu tisa na majua tisa katika picha moja. Namna ya kugundua ni rahisi: ipunguze picha iwe ndogo kama kidole gumba kwenye skrini. Uso wowote unaoruka mbele kabla ya nyingine umeangazwa kupita kiasi. Rudi kwenye maski yake, shusha Amount hadi utulie. Nyuso zisogeleane, zisilingane. Aliyekuwa kivulini abaki kivulini, ila aonekane. Mweusi abaki mweusi zaidi ya mweupe, kwa sababu ndivyo walivyosimama siku ile.

Na mashefu wa Kolwezi, ombi langu ni moja: nipeni watu wenu mapema asubuhi, jua likiwa bado chini na likiingia lenyewe chini ya helmeti. Waambieni wainue videvu kidogo, na bango la glavu liondolewe ukutani. Mkitaka picha ya katikati ya mchana, nitaipiga, lakini bei yake itahesabiwa kwa kila kichwa.