Sifa Zisizo na Iliki

Alipita Malindi msafiri mmoja mkarimu wa maneno, akala mahamri na mbaazi kwa mama mmoja auzaye barazani, kisha akaandika kwa taadhima kwamba chakula ni "kitamu mno" na huduma ni "bora kabisa", sifa ambazo, ahsante kwake, zamtosha pia kinyozi, fundi cherehani na hata mwosha maiti. Laiti angalisema kwamba iliki yanukia kabla hamri halijapasuliwa, kwamba mbaazi zimelala katika tui zito lisilokatika, na kwamba ikipita saa mbili asubuhi husalia sufuria tupu na benchi lenye mguu mmoja mfupi. Maana aibu hiyo ndogo ya benchi ndiyo ingalimsadikisha msomaji kuwa mwandishi si binamu wa mpishi.