Namna ya Kumaliza Gunia Bila Kumshitaki Panya

Maharage yakipungua dukani, washitakiwa ni wale wale: panya na kijana wa kaunta. Panya hana mshahara wa kukatwa, basi deni lote humwangukia kijana. Hilo linaniudhi, maana mara nyingi kilo zinazotafutwa hazikuibwa na mtu. Zilipotea kwenye daftari, pale gunia lilipogeuzwa kuwa kilo.

Tajiri, anza kwa kulipima gunia. “Gunia la kilo mia” ni jina tu, kama mtu aitwaye Shujaa: huenda ni shujaa kweli, huenda anakimbia mende. Na ukinunua kwa debe, pima vilevile, kwa sababu debe hupima ujazo, halipimi uzito; debe la maharage na debe la pumba hayalingani hata kidogo kwenye mizani.

Tuchukue magunia matatu ya maharage, kila moja shilingi 250,000. Mizani inasema kilo 99.4, 98.7 na 99.5, jumla 297.6. Magunia matupu ya plastiki yana gramu 200 kila moja, hivyo ondoa kilo 0.6. Maharage yenyewe ni kilo 297. Ukiandika 300 kwa sababu muuzaji kasema mia mia, umeshamtengenezea kijana wako upotevu wa kilo tatu kabla hajafungua mlango wa duka. Uzito halisi wa maharage ya kila gunia uandike juu ya gunia lenyewe kwa makapeni, utaona faida yake punde.

Bei nayo ifuate kilo zilizofika. Ongeza usafiri na kupakua, tuseme shilingi 22,500, upate 772,500. Gawanya kwa 297: kila kilo imekugharimu takriban shilingi 2,601. Ukigawanya kwa 300 utapata 2,575, na utakuwa unajipongeza kwa faida ya shilingi 26 ambayo haipo.

Sasa mzigo uuweke kwenye hesabu kwa kipimo kimoja tu, na kiwe kidogo: kilo, au gramu kabisa kama unauza robo nyingi. Gunia libaki kipimo cha kununulia. Wenye programu ya mauzo kwenye simu au kompyuta, hapa ndipo penye shimo. Kama bidhaa imesajiliwa kwa gunia na programu inashika tarakimu mbili tu baada ya nukta, robo kilo ni sehemu 0.0025 ya gunia la mia, nayo inakadiriwa kuwa 0.00. Mteja ameondoka na maharage yake, fedha imeingia, na mzigo kwenye skrini haujapungua hata punje. Uza robo arobaini namna hiyo, kilo kumi zimeyeyuka mchana kweupe, na panya wa watu amelala.

Kosa jingine ni kusajili bidhaa mbili, “maharage gunia” na “maharage kilo”. Gunia likifunguliwa bila kuandikwa, upande mmoja unaonyesha ziada ambayo haipo stoo na mwingine unashuka chini ya sifuri. Ukilazimika kuwa nazo mbili, kila ufunguaji uandikwe papo hapo: gunia moja limetoka, kilo 99.2 zimeingia.

Akija mama ntilie akabeba gunia zima, soma ile makapeni. Kama ni lile la kwanza, toa kilo 99.2, usitoe 100. Zinabaki 197.8. Tuseme kilo, nusu na robo zilizouzwa baadaye zinafika 121.25, daftari linadai kilo 76.55. Unapima zilizobaki, unakuta 75.9. Pungufu ni kilo 0.65, yaani gramu tano hivi kwa kila kilo iliyouzwa. Huo ni mkono mwepesi unaoongeza punje mpaka mshale uiname, na dawa yake ni kumwelekeza mpimaji na kuikagua mizani kwa jiwe la kilo lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Umbo la pungufu lina habari zake. Likikua kadiri mauzo yanavyokua, tazama mizani na mkono. Daftari likitofautiana na stoo kwa kilo 99 hivi, tafuta kilo moja iliyoandikwa kama gunia, au gunia lililopokelewa mara mbili kwenye karatasi. Likiwa pungufu la ghafla lisilolingana na lolote kati ya hayo, hapo ndipo uulize kuhusu wizi, na hata hapo uliza kwa adabu.

Mzigo mpya ukifika, pima kwanza yaliyobaki, sahihisha daftari, andika tarehe na sababu ya pungufu, kisha ndipo upokee. Ukimwaga mapya juu ya ya zamani kabla ya kupima, kosa la mzigo uliopita halitapatikana tena.