Pongezi kwa Bei ya Zamani

Kuna mwenye duka hapa Juba anayestahili nishani. Desemba 2015 Benki Kuu ilipoiachia pauni ya Sudan Kusini, dola moja iliruka kutoka takriban pauni 3 hadi 18 na ushei, na tangu hapo bei zetu hupanda tu. Dukani kwake, kinyume chake, zamani ndiyo iliyokuwa ghali! Feni ya mezani ina kibandiko: dola 60 imepigwa mstari mwekundu, chini yake 40. Unaokoa 20 bila kutoka jasho, tena katika joto hili.

Wakorofi hawakosekani. Mmoja alikwangua kibandiko kwa ukucha, akakuta kingine chini yake: 35. Mwingine alileta risiti ya mwezi uliopita, ya feni ya modeli ileile. Imeandikwa kwa pauni, naye akaigawa kwa kiwango cha dola cha siku ile ya risiti, si cha leo. Akapata 35 hiyohiyo. Wa tatu alipita kwanza soko la Konyokonyo kuuliza bei kimyakimya, bila kutaja punguzo. Adabu gani hiyo?

Hawajui kwamba ile 60 ni bei ya heshima. Haijawahi kumsumbua mnunuzi yeyote, maana ilizaliwa asubuhi ileile iliponunuliwa kalamu nyekundu.

Wahini basi, ofa inaisha Ijumaa. Ukichelewa usihuzunike: inaanza tena Jumamosi.